Mchele wa pamoja kutoka Ubaruku umefika na upungufu wa kilo 6. Tunaugawaje?

Mama Tegeta (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Tuko watu 8, majirani na wafanyakazi wenzangu wa zamani. Tumechanga tukanunua mchele Ubaruku kule Mbarali, moja kwa moja mashineni. Tumeagiza kilo 600, viroba 12 vya kilo 50. Watatu tumeagiza kilo 100 kila mmoja, mimi nikiwemo, wawili kilo 75, na watatu kilo 50. Mimi ndiye mratibu, pesa zote zimepita kwangu na daftari ninalo.

Mashineni bei ilikuwa 2,000 kwa kilo, kwa hiyo mchele peke yake ni 1,200,000. Hiyo nilichangisha kwanza. Mzigo ulipofika nikajumlisha gharama: viroba 12,000, kupakia 6,000, lori 60,000, ushuru wa halmashauri na karatasi zake 12,000, kushusha 6,000, kirikuu kutoka walikoshushia hadi kwangu 40,000, makato ya kutuma na kutoa pesa 14,000. Jumla 150,000, yaani 250 kwa kila kilo. Ukijumlisha na bei ya mashineni, kilo imetufikia 2,250.

Sasa jana nimepima hapa nyumbani, nimepata kilo 594. Kiroba kimoja kimetoboka ubavuni. Mzigo bado uko sebuleni, sijampa mtu hata kilo, ila kwenye kundi letu la wasapu hakukaliki. Mmoja anasema hasara ni ya mratibu. Mwingine anasema achukue hicho kilichotoboka yule atakayechelewa kuja. Na kuna dada mmoja wa kilo 75 ambaye mpaka leo ametoa 100,000 tu kati ya 168,750. Iliyobaki niliongezea mimi ili oda isikwame. Yeye anasema apewe kilo zake zote 75, deni atalipa mwisho wa mwezi.

Nawaombeni njia ambayo kila mtu ataiona kwa macho yake kwamba ni haki.

---

Kijana wa Mabibo

Mama, hapo kosa ni kutoandika majina. Kila kiroba kingeandikwa jina la mwenyewe tangu mashineni, kwa wino mzito. Kilichotoboka mwenyewe angekijua, na wengine wasingehusika. Sisi tulileta maharage kutoka Sumbawanga hivyo hivyo, na wala hatukugombana.

---

Neema wa Goba

Mchele wa Ubaruku mtamu sana huo. Kilo unauzaje dada? Nahitaji kilo 20 na delivari hadi Goba.

---

Mama Tegeta

Neema mdogo wangu, siuzi. Ni mchele wetu wa kuchangia, wote una wenyewe.

---

Bwana Stoo

Mama, kabla ya kugawa hasara lazima ijulikane imetoka wapi, maana upungufu wa kilo 6 unaweza kuwa wa aina tatu tofauti na kila aina ina jawabu lake. Nina maswali mawili. La kwanza, ulipima kiroba kimoja kimoja au ulijumlisha tu? Kama ulipima kimoja kimoja, weka namba zote hapa. La pili, mizani uliyotumia ni ipi, na umeijaribu?

Kuijaribu ni rahisi. Chukua katoni za maji ambazo hazijafunguliwa, zile za chupa 12 za lita moja na nusu. Maji ya katoni moja ni kilo 18, ongeza plastiki kama nusu kilo hivi. Usijaribu na katoni moja, kwa sababu mizani inaweza kusoma vizuri kwenye 18 ikapotea kwenye 50. Panga tatu kwa pamoja. Ikisoma 55 na kidogo, iko sawa. Ikisoma 54 au chini, mizani yako inakuibia na huenda mchele haujapungua kiasi hicho.

---

Mama Tegeta

Nimefanya sasa hivi, katoni nimeazima dukani kwa jirani. Tatu zimesoma 55.3.

Viroba nilipima kimoja kimoja: saba vina 49.6, vinne vina 49.7, na kilichotoboka kina 48.0.

---

Bwana Stoo

Basi picha imekaa vizuri. Mizani yako haina neno.

Tazama hivyo viroba 11 vizima. Vyote vimepungua, na vimepungua karibu sawa, gramu 300 hadi 400 kila kimoja. Mwizi haibi hivyo. Anayechota njiani anachota kwenye viroba viwili vitatu, na utaona kimoja kina 47, kingine kimebaki 50 kamili. Upungufu unaolingana kila kiroba unatoka kwenye mizani ya kule mashineni au kwenye unyevu. Mchele uliokobolewa wiki ileile na kupakiwa una maji bado. Ukitoka na unyevu wa asilimia 14 ukafika Dar na 13, kiroba cha kilo 50 kinakuwa kilo 49.4 hivi bila mtu kugusa hata punje. Chako hakijafika huko. Kati ya mizani yao na unyevu siwezi kukwambia ni kipi, na sasa hivi hakuna njia ya kujua kwa sababu haukupimwa unyevu siku ya kupakia.

Kiroba kilichotoboka ndicho pekee chenye hasara ya njiani, kama kilo 1.6 zaidi ya wenzake. Hiyo ilitakiwa iandikwe kwenye karatasi ya mwenye lori kabla hujasaini kupokea. Kama ulisaini bila kuandika, kumdai sasa ni shida.

Kijana wa Mabibo, alama ni muhimu, hapo nakubaliana nawe, lori likipakia mizigo ya watu kumi bila alama utashushiwa cha mwenzako. Lakini alama iwe ya kundi na namba, 1 hadi 12. Jina la mtu usiandike. Ukishaandika jina umemwambia mtu mmoja abebe ajali ya barabarani ambayo ingeweza kumkuta yeyote, na wote mlichangia lori moja. Mpaka mzigo upimwe mlangoni kwa mratibu, mchele wote ni wa wote. Hakuna kiroba cha fulani.

---

Kijana wa Mabibo

Kaka Stoo, lakini mtu akijua kiroba ni chake, na msimamizi anakuwa makini zaidi. Ukisema ni cha wote, kinakuwa si cha mtu.

---

Bwana Stoo

Umakini unaupata kwa namba. Namba 7 ilitoka na 50, imefika na 48, basi tunaulizana kuhusu namba 7. Jina halikuongezei chochote hapo.

---

Shangazi wa Tanga

Mimi nauliza hao wanaosema hasara ibebwe na mratibu. Mama wa watu amekesha na simu, sebule yake imejaa viroba, halafu alipe na upungufu? Faida ya bei mmegawana wote, na upungufu mgawane wote. Angeuza kwa faida yake hapo sawa, mfanyabiashara anabeba hasara yake. Huyu hajauza.

---

Dalali wa Mbezi

Shangazi umenena, ila ndiyo maana mimi nasema mratibu alipwe. Mimi ninapokusanya oda naweka shilingi 50 kwa kilo, nimeitangaza mwanzoni, iko kwenye daftari na kila mtu anaiona. Kwa kilo 600 ni 30,000. Siyo utajiri, ni vocha na nauli na muda. Ukifanya bure, mara ya tatu unachoka, na ukichoka daftari linalegea.

---

Shangazi wa Tanga

Ukishachukua 50 yako kwa kilo, Dalali, basi na wewe umeshakuwa muuzaji kidogo. Kikitoboka kiroba watakuja kwako. Hapo huwezi kusema ni wa wote.

---

Dalali wa Mbezi

Hapana, ni malipo ya kazi. Hata dereva analipwa na hatujamwambia anunue mchele uliopungua.

---

Shangazi wa Tanga

Dereva akitoboa kiroba analipa. Ndiyo hoja yangu.

---

Bwana Stoo

Hayo ya malipo ya mratibu mtayamaliza wenyewe, nimeona makundi yanayolipa na yasiyolipa na yote yanaenda. Turudi kwa Mama, maana mchele uko sebuleni.

Mama, usigawe kwa kilo zilizoagizwa. Gawa kwa pesa iliyoingia. Ukifanya hivyo, suala la upungufu na suala la yule dada vinajibiwa kwa hesabu moja. Daftari lako liwe na safu tatu tu: jina, alichoagiza, na pesa aliyoingiza mpaka siku mzigo na gharama zake zote vilipolipiwa. Ile uliyomwongezea yule dada, 68,750, iandike kwenye mstari wako wewe, kwa sababu ilitoka mfukoni mwako. Jumla ya safu ya pesa lazima iwe 1,350,000 kamili. Isipofika hapo, usiendelee, kuna mtu hujamwandika.

Kisha fungu la kila mtu ni pesa yake, gawanya kwa 1,350,000, zidisha kwa 594. Kama unatumia Excel kwenye simu, weka 594 kwenye E1, pesa za watu kuanzia C2 hadi C9, na mbele ya kila jina andika hivi:

```
=C2/SUM(C$2:C$9)*E$1
```

Itakuletea hivi. Wa kilo 50, aliyetoa 112,500, anapata 49.5. Wa kilo 75 aliyemaliza anapata 74.25. Wa kilo 100 anapata 99. Kila mmoja amepoteza kilo moja katika mia, hakuna aliyependelewa. Yule dada kwa 100,000 yake anapata kilo 44 kamili. Na wewe kwa 293,750 unapata 129.25, yaani 99 zako na 30.25 ambazo umeshikilia kwa deni lake. Jumlisha zote nane utaona 594.

---

Mama Tegeta

Aisee! Nimejumlisha kwa kalamu, imekuja 594 kweli. Kwa hiyo huyu dada namwambia kilo zake ni 44?

---

Bwana Stoo

Mwambie kilo alizolipia ni 44, anaweza kuzichukua leo. Zile 30.25 zimelipiwa na wewe, na ziko kwako mpaka alipe. Hujamnyima kitu. Ukimpa zote 75 leo, kwanza unampa zaidi ya wenzake, maana mwenzake aliyemaliza kulipa anapata 74.25, na pili deni linabaki bila dhamana.

---

Kijana wa Mabibo

Na hizo 30 akija mwisho wa mwezi alipe bei ya siku hiyo. Mchele ukiwa umepanda hadi 2,800 sokoni, alipe 2,800. Mama angeweza kuuza kwa mtu mwingine.

---

Shangazi wa Tanga

Mwanangu, huyo ni mwenzao kwenye mchango, siyo mteja. Aliahidi kilo 75 na Mama alikubali kumwongezea. Bei ni ileile 68,750.

---

Kijana wa Mabibo

Na ukishuka? Akisema anakwenda kununua sokoni, Mama abaki na kilo 30?

---

Bwana Stoo

Kijana hapo umegusa penyewe. Bei ya siku ya kulipa inaonekana haki kwa upande mmoja tu. Ikipanda Mama anafaidi, ikishuka dada anakimbia. Mimi huwa naweka bei ya oda mpaka tarehe iliyotajwa, na baada ya tarehe hiyo mchele ni wa aliyelipa, atauza au atakula atakavyo. Lakini hilo linatakiwa lisemwe kabla ya kununua. Mama, ninyi hamkusema, kwa hiyo itabidi mkubaliane sasa, na sioni wa kumlazimisha mwenzake.

---

Mkaka wa Nyali

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimesoma uzi wote. Sisi hapa tuliagiza vyombo na matandiko kutoka Guangzhou, watu watano, kwa njia ya meli. Bwana Stoo, hiyo kanuni yako ya kugawa kwa pesa ilituletea ugomvi mkubwa. Mmoja alileta kufuli za chuma, mwingine mito ya kulalia. Pesa walizonunulia zililingana, na mratibu akagawa gharama ya meli nusu kwa nusu. Mwenye kufuli alilia, maana mzigo wake ulikuwa katoni mbili na mwenzake alijaza kona nzima.

---

Bwana Stoo

Na alikuwa na haki ya kulia. Kanuni ya pesa inafaa kwa Mama kwa sababu wote wamenunua kitu kimoja, kwa bei moja, na kila kilo inakula nafasi ileile kwenye lori. Bidhaa zikitofautiana, gharama lazima ifuate kile ambacho msafirishaji anakitoza. Meli ya mizigo mchanganyiko inatoza kwa mita za ujazo: urefu mara upana mara kimo cha katoni. Gawaneni hivyo hivyo. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni mita za ujazo 0.12, haijalishi ndani kuna mito au sahani. Kwa kufuli nzito sana angalieni na uzito, maana wasafirishaji wengine wana kikomo cha kilo kwa kila mita ya ujazo, ukizidi wanahesabu kwa kilo.

Ushuru wa forodha ni jambo jingine tena, ule unafuata thamani na aina ya bidhaa. Kwa hiyo gharama moja inagawanywa kwa ujazo na nyingine kwa thamani, ndani ya daftari moja. Mratibu wenu alizichanganya.

---

Mkaka wa Nyali

Nimekuelewa, ahsante sana. Vipimo vya katoni bado tunavyo, nitamwomba apige upya.

---

Dalali wa Mbezi

Mama, angalia na hiyo 14,000 ya makato. Mimi simtwishi kila mtu sawa. Aliyetuma mara moja na ya kutolea simtozi. Aliyetuma vipande vipande bila ya kutolea, makato yake ni yake. Vinginevyo unawaambia walionyooka wawalipie wasumbufu.

---

Mama Tegeta

Hilo kweli lipo. Wawili walituma na ya kutolea, wengine hapana. Ila kwa 14,000 kwa watu nane naona nikianza kuchambua nitaleta maneno mengine. Safari ijayo nitasema mapema kila mtu atume na ya kutolea.

---

Neema wa Goba

Samahani dada, nilisoma haraka nikadhani unauza. Swali langu sasa: mtu akipata 49.5 na kiroba kina 49.6, unafungua kila kiroba? Mchele ukifunguliwa unamwagika, na watu wanapenda kupewa kiroba kilichoshonwa.

---

Bwana Stoo

Swali zuri. Viroba vitatu vinavyobaki ndivyo vya kukatia kwa kina, hivyo vingine unavigusa kidogo tu.

Watatu wa kilo 100 wape viroba viwili viwili vya 49.6. Kila mmoja anakuwa na 99.2, toa gramu 200 kwa kila mtu. Wa kilo 50, mmoja mpe kiroba cha saba cha 49.6, toa gramu 100. Wawili wape vya 49.7, toa gramu 200 kila mmoja. Kila unachotoa kinamiminwa kwenye kile kilichotoboka, ambacho umekihamishia kwenye kiroba kipya. Umetoa jumla kilo 1.1, kwa hiyo kile cha 48 kinakuwa 49.1.

Wamebaki wawili wa kilo 75 na viroba vitatu. Kila mmoja anapata kimoja cha 49.7, na ile 49.1 inakatwa katikati, 24.55 kila mmoja. Jumla 74.25. Yule dada mpimie 44 kutoka kwenye kiroba chake, kinachobaki 5.7 changanya na 24.55, ndiyo 30.25 unayoshikilia.

Kama wale wa kilo 50 na 100 watakubali kupokea kiroba kilichoshonwa na hizo gramu 100 au 200 za ziada, wakarudisha pesa yake, 227 au 455, nayo ni sawa. Lakini waulize, usiamue mwenyewe. Na pima mbele yao, hata kama ni watu wawili tu watakaokuja kushuhudia.

---

Mama Tegeta

Nimeweka hesabu yote kwenye kundi, na picha za mizani kiroba kwa kiroba. Watu sita wamekubali palepale. Yule aliyesema hasara ni yangu amenyamaza, kisha ameuliza atume kirikuu saa ngapi, nadhani ndiyo amekubali. Wa kilo 50 wote wamesema tutoe hizo gramu, hawataki kurudishiana shilingi mia mbili. Tunapima Jumamosi asubuhi.

Dada wa kilo 75 anachukua 44. Kuhusu 30.25, nimempa hadi tarehe 5 kwa bei ileile ya oda. Yeye anaomba hadi tarehe 20, anasema mshahara wao unachelewa. Bado tunavutana.

---

Kijana wa Mabibo

Tarehe 5 inatosha Mama. Mchele wa deni ukikaa sebuleni mpaka tarehe 20, fukusi nao wanahesabu siku.

---

Shangazi wa Tanga

Mpe tarehe 20 lakini viroba vyake akavihifadhi kwake, na aandike deni kwa mkono wake mbele ya wenzake wawili.

---

Bwana Stoo

Shangazi, akishavichukua dhamana imeondoka, maandishi hayo hayampi Mama mchele. Mimi ningesogeza hadi tarehe 10 na mchele ubaki kwa Mama, ila anayemjua dada ni Mama mwenyewe.